Fataki Iliyofichwa Kwenye Pindo

Weka kiganjani maganda mawili ya risasi yaliyokwisha kufyatuliwa, kisha ugeuze vitako vyake juu. Lile dogo, jembamba kuliko penseli, lina kovu moja pembeni kabisa, kwenye ukingo, kana kwamba mtu amelibonyeza kwa ncha ya bisibisi. Lile kubwa halina alama yoyote ukingoni. Kovu lake liko katikati, juu ya kiduara kidogo kilichopachikwa kama kifungo cha shati. Hapo penye kovu ndipo pini ya bunduki ilipogonga, na ndipo cheche ilipokuwa imelala ikingoja.

Risasi zote za bunduki za leo huangukia katika koo hizi mbili: zinazogongwa ukingoni na zinazogongwa katikati. Tofauti yao huonekana ndogo mpaka uanze kuifuatilia. Ndiyo inayoamua risasi iweze kuwa na nguvu kiasi gani, itumike mara moja au zaidi, na kwa nini mwalimu wa shabaha mwenye busara humwanzisha mwanafunzi wake kwa risasi ndogo ya .22 hata kama mwanafunzi huyo ana mabega ya mbeba magunia.

Tuelewane kwanza juu ya majina. Kwa Kiswahili neno “risasi” hubeba mzigo mzito: ni madini yale laini ya kijivu, ni kile kinachoruka na kutoboa, na pia ni kitu kizima kinachopakiwa kwenye bunduki. Hapa nitakiita kinachoruka “kichwa”, na chombo cha shaba njano kinachobaki nyuma “ganda”. Ndani ya ganda mna baruti. Kitu cha nne, kidogo kuliko vyote, ni fataki. Neno hili lilikuwapo pwani kabla ya bunduki za kisasa. Wazee walitofautisha gumegume, iliyowashwa kwa cheche ya jiwe, na bunduki ya fataki, iliyowashwa kwa kikofia cha shaba kilichovikwa juu ya kijibomba na kugongwa na nyundo. Fataki ya leo ni mjukuu wa kikofia kile, ila imehamia ndani ya risasi yenyewe.

Kazi yake ni kubadili pigo kuwa moto. Baruti ya kisasa haijatengenezwa ili iwake kwa kugongwa. Huwaka kwa mwali. Kemikali ya fataki hulipuka inapopondwa kwa ghafla kati ya vitu viwili vigumu, na mwali wake huingia kwenye baruti. Zingatia hivyo viwili vigumu: lazima pawe na nyundo, na lazima pawe na fuawe. Mhunzi hawezi kuponda kitu hewani. Nyundo ni pini katika koo zote mbili. Kinachotofautiana ni fuawe.

Katika risasi ndogo ya .22, ganda zima ni kipande kimoja cha bati jembamba la shaba njano kilichofinyangwa kuwa kama kikombe. Chini, kwenye kitako, bati hilo limekunjwa kutoka nje kama fundi nguo anavyokunja pindo la suruali, na ndani ya mkunjo huo mna nafasi ndogo inayozunguka duara zima. Kiwandani kemikali ya fataki hutiwa ndani ya kikombe ikiwa mbichi, kisha kikombe huzungushwa kwa kasi kubwa ili kemikali isukumwe pembeni na kujaa pindo pande zote. Ikikauka, baruti hufuata, halafu kichwa. Risasi ikiingizwa kwenye chumba cha bunduki, mwili wake huzama ndani lakini pindo hugota kwenye mdomo wa chumba. Pini inapogonga ukingo, chuma cha mdomo huo ndicho fuawe. Pindo hubonyea, kemikali iliyo ndani hupondwa, moto hutoka.

Risasi kubwa ina mpango mwingine. Kitako cha ganda lake ni shaba nene, na katikati yake pamechongwa kishimo ambamo hupachikwa kikombe kidogo chenye kemikali. Kikombe hicho peke yake ndicho chembamba. Fuawe yake haiko kwenye bunduki, imo ndani ya risasi. Wanaume wawili waliipatia maumbo mawili miaka ya 1860. Hiram Berdan, Mmarekani, aliichonga fuawe kwenye ganda lenyewe, kama kichuguu kidogo chini ya kishimo, na moto ukapita kwa vitundu viwili pembeni yake. Edward Boxer, afisa wa Kiingereza, aliiweka fuawe ndani ya kikombe cha fataki, moto ukapita kwa tundu moja la katikati. Kwa mzunguko wa ajabu, Wamarekani waliishia kupenda ya Mwingereza, na majeshi mengi ya Ulaya na Urusi yakaichukua ya Mmarekani. Ukichungulia ndani ya ganda tupu la risasi kubwa na kuona tundu moja katikati, hiyo ni ya Boxer. Vitundu viwili, ni ya Berdan. Tundu la katikati hurahisisha kuisukuma nje fataki iliyokwisha kazi na kupachika nyingine, na ndiyo maana wanaojaza upya maganda yao hulitafuta hilo. Ganda la .22 halijazwi upya. Pindo lake likishapondwa limekwisha.

Sasa tufikie kiini cha jambo. Pindo lazima liwe jembamba, kwa sababu pini isingeweza kubonyeza shaba nene. Na kwa kuwa ganda zima ni bati lile lile, kitako chote hubaki chembamba. Huwezi kuwa na pindo laini na kitako imara kwa wakati mmoja. Baruti ikizidishwa, gesi hutafuta penye udhaifu, na udhaifu uko pale pale kwenye mkunjo. Risasi yenye fataki ya katikati imezitenganisha kazi hizo mbili: kikombe kidogo chembamba hupokea pigo, shaba nene iliyokizunguka hupokea shinikizo.

Historia ya bunduki za Kimarekani inalionyesha hili vizuri. Mwaka 1860 Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki iliyoweza kupiga risasi nyingi mfululizo bila kupakiwa upya, ikatumika katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Risasi yake ilikuwa ya pindo, yenye kichwa kinene cha kaliba ya .44. Lakini ilibeba baruti isiyofika gramu 2, wakati bunduki ya kawaida ya askari wa miguu ilimimiwa karibu gramu 4. Henry alijua pia kwamba kemikali huweza kukosekana sehemu ya ukingo, kwa hiyo pini yake iligonga pindo sehemu mbili kwa mpigo mmoja. Ilikuwa tiba ya busara kwa ugonjwa wa kemikali, ila haikuponya udhaifu wa ganda. Kampuni ile ile, ikiitwa sasa Winchester, ilipotoa bunduki yake ya mwaka 1873, iliachana na pindo. Risasi mpya ya kaliba hiyo hiyo ya .44 ilikuwa na fataki katikati na baruti ya gramu 2.6. Tangu hapo risasi kubwa za pindo zilianza kutoweka, moja baada ya nyingine.

Zilizobaki ni ndogo. Mfaransa Louis-Nicolas Flobert alikuwa ameshaonyesha njia miaka ya 1840 kwa kuchukua kikofia cha fataki na kukibana kiduara cha risasi mdomoni, bila baruti kabisa, kwa ajili ya mchezo wa kulenga shabaha ndani ya nyumba. Smith na Wesson wakatoa bastola ya .22 mwaka 1857. Mwaka 1887 ikazaliwa ile inayoandikwa .22 LR kwenye boksi, na miaka zaidi ya 130 baadaye ingali ikitengenezwa kwa umbo lile lile.

Kichwa chake huwa na uzito wa gramu 2.6. Zile za mashindano hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 330 kwa sekunde, chini kidogo ya mwendo wa sauti. Shinikizo ndani ya ganda, kwa kipimo cha juu kinachoruhusiwa, ni kama mara 750 ya upepo ulio ndani ya gurudumu la gari dogo. Usiidharau hesabu hiyo. Ila risasi ya kuwindia wanyama wakubwa, mfano ile ya .308, huruhusiwa kufika mara 1,900 hivi. Kichwa chake cha gramu 9.7 huenda mita 850 kwa sekunde, na nguvu inayoibeba ni mara 25 ya ile ya .22.

Bega la mpigaji halihesabu nguvu hiyo moja kwa moja. Linahesabu teke. Kichwa na gesi vinapokwenda mbele, bunduki hurudi nyuma. Bunduki ya kilo 3 inayopiga .22 hurudi kwa mwendo wa sentimita 30 hivi kwa sekunde, sawa na mtoto anayekusukuma kwa kiganja. Bunduki ya kilo 4 inayopiga .308 hurudi karibu mara kumi ya mwendo huo, na mshindo wake unausikia kifuani.

Hapo ndipo tabia ya mwanzoni huharibika. Chukua mwanafunzi mtu mzima, mwenye nguvu, aliyepewa bunduki kubwa siku ya kwanza. Risasi ya kwanza inapiga karibu na katikati ya shabaha, kwa sababu hajui kitakachotokea. Ya pili iko chini kidogo. Ya tano na ya sita ziko chini kabisa, zimetawanyika. Yeye anasema bunduki ina kasoro, anaomba vilengeo virekebishwe. Mwalimu anayejua kazi yake havigusi. Anachukua bunduki, anaipakia kwa siri, mara risasi halisi, mara risasi bandia isiyo na baruti wala fataki, na kumrudishia. Mwanafunzi analenga, anavuta kifyatulio, na badala ya mshindo panasikika “ta!” tupu. Lakini mtutu umezama ghafla kuelekea chini, mabega yamejikunja, macho yamefumba. Mwili ulikuwa unajikinga na teke ambalo halikuja. Ndivyo ulivyofanya kila mara, ila teke halisi lilikuwa likificha kosa.

Huwezi kumponya kwa kumwambia asiogope. Mwili haujadili na maneno. Unajifunza kwa marudio. Mpe bunduki ya .22, shabaha iwe mita 25, na boksi la risasi 50. Kwa kuwa hakuna kinachomwumiza, baada ya risasi kumi na tano au ishirini mwili huacha kungoja pigo. Sasa anaweza kusikia kidole chake kinavyofanya. Anaona kama alikivuta kifyatulio kwa ghafla au alikikandamiza taratibu, kama alishika pumzi mno, kama jicho lilihama kutoka kwenye kilengeo kwenda kwenye shabaha. Risasi bandia zikichanganywa tena, mtutu utatulia, na hapo ndipo mwalimu hujua kwamba amepona.

Kuna neema nyingine isiyosemwa sana. Risasi ya .22 ya mashindano, kwa kuwa iko chini ya mwendo wa sauti, haina ule mlio mkali wa hewa kupasuka ambao risasi za kasi huuacha njiani. Hubaki mlio wa mdomo wa mtutu peke yake. Masikio bado yanahitaji kinga, bila mjadala, lakini mwanafunzi hashtuki.

Mtu asidhani basi kwamba .22 ni ya watoto na wanagenzi. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya jeshi la Uingereza kupata funzo chungu kutoka kwa walenga shabaha hodari wa Makaburu kule Afrika Kusini, Lord Roberts, mkuu wa jeshi hilo, aliwahimiza raia wajiunge na vilabu vya shabaha vya bunduki ndogo. Bunduki kuukuu za Martini, zilizokuwa zimetumika kwa risasi nzito, zilibadilishwa zipige .22 ili watu wajifunze mjini, katika kumbi fupi, kwa gharama ndogo. Na katika Olimpiki, bunduki ya mita 50 ni ya .22 mpaka leo: duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na washindani huligonga mara kwa mara.

Mfano unaonivutia zaidi ni wa biathloni, mchezo wa nchi za baridi ambapo mtu hukimbia kwa skii akiwa na bunduki mgongoni, kisha husimama kulenga huku moyo ukidunda. Hadi miaka ya 1970 walitumia bunduki za risasi kubwa zenye fataki ya katikati, na viwanja vikahitaji mabonde marefu yasiyo na watu. Mwaka 1978 wakahamia .22. Shabaha zikasogezwa mita 50, duara la kulala likawa milimita 45, la kusimama milimita 115. Mchezo haukuwa rahisi kwa hilo, ila sasa uwanja wake uliweza kuzungukwa na watazamaji.

Pindo lina kasoro zake, na mwanzoni atakutana nayo mapema. Kemikali ikikosa kuenea sawasawa kiwandani, pini huweza kugonga mahali palipo tupu. Unavuta kifyatulio, kimya. Sheria ya uwanja hapo haina njia ya mkato: mtutu ubaki umeelekea kwenye shabaha, kidole kitoke kwenye kifyatulio, na uhesabu sekunde 30 kamili, maana mara chache moto huchelewa na kuja baadaye. Kisha fungua ukiwa umeweka uso kando, mwite msimamizi, mtazame ukingo wa risasi iliyogoma.

Kovu litawaambia. Likiwa la kina na lenye kingo kali, bunduki ilifanya kazi yake. Ni risasi yenyewe iliyokuwa tupu mahali hapo. Likiwa hafifu, kama limekwaruzwa tu, tatizo liko kwenye bunduki: springi imechoka, au pini imelika. Na kuna la tatu linalowachanganya wengi. Vichwa vya .22 huwa vimepakwa nta au grisi, na uchafu wake hujikusanya chumbani. Risasi haizami hadi pindo ligote. Pini inapogonga, nguvu inaishia kuisukuma risasi mbele badala ya kuponda pindo. Bunduki inayogoma kwa pigo la kwanza na kukubali kwa la pili mara nyingi haiombi fundi, inaomba kusafishwa.

Kwa sababu hiyo hiyo ya fuawe, usizoee kuifyatua bunduki ya .22 ikiwa tupu mpaka umethibitisha kwenye kitabu chake kwamba inaruhusiwa. Pasipo pindo la kupokea pigo, katika baadhi ya bunduki pini hugonga mdomo wa chumba wenyewe na kuuchimba, na chumba kilichochimbika hakipokei risasi vizuri tena. Bunduki nyingi za fataki ya katikati huvumilia, kwa kuwa mbele ya pini yao pana nafasi wazi.

Jambo moja ni la hatari kuliko kugoma. Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, “puu”, kama kizibo cha chupa, simama. Usipakie nyingine. Huenda kichwa kimekwama katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itakikuta hapo. Bunduki ipakuliwe, na msimamizi aupime mtutu kwa ufito kabla ya chochote kingine.

Risasi ya .22 huwa na kichwa cha risasi tupu, namaanisha yale madini, mara nyingi bila kuvikwa shaba, na fataki nyingi nazo zina madini hayo. Vumbi lake hubaki vidoleni na hewani, na ni sumu inayojikusanya mwilini, kwa mtoto zaidi ya kwa mtu mzima. Usile wala usivute sigara uwanjani. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na ukumbi wa ndani usio na feni za kutosha uukatae.

Kwetu, kujifunza huku kuna mlango mmoja tu. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Anayetaka kuanza aende kwenye uwanja au klabu yenye kibali, aombe .22, na aulize kwanza nyuma ya shabaha kuna nini. Kichwa kile cha gramu 2.6, kikipigwa kuelekea angani kwa mshazari, husafiri zaidi ya kilomita moja na nusu.